"Iko vizuri mdogo wangu": kisa cha fomu ya ridhaa iliyosomwa bila kukaguliwa

Kisa hiki kilitokea kwenye utafiti mdogo wa wagonjwa wa presha kwenye hospitali moja ya wilaya, mimi nikiwa mratibu, na mtu niliyemuomba akague ni sista wa kliniki ya presha ambaye amekaa pale miaka mingi kuliko sisi wote tuliokuja na laptopu zetu. Kazi ilikuwa fomu ya ridhaa, ile karatasi mgonjwa anasomewa kabla ya kukubali kuingia kwenye utafiti halafu anaweka saini au dole gumba. Kurasa 6, Kiswahili, imetafsiriwa kutoka Kiingereza na kijana wetu mmoja anayejua Kiingereza vizuri sana, labda hilo ndo lilikuwa tatizo lenyewe.

Utafiti kwa kifupi ili uelewe kilichoharibika: wagonjwa wazima wa presha wanagawanywa makundi mawili, kundi A wanaendelea na kidonge cha kawaida, kundi B wanapewa kidonge kimoja chenye dawa mbili ndani. Damu inatolewa mililita 10 siku ya kwanza na mililita 5 wiki ya 12. Mgonjwa anarudi wiki ya 4, ya 8 na ya 12. Basi, hakuna cha ajabu hapo.

Jumatatu tarehe 5 Mei nilimtumia sista faili kwenye wasap na ujumbe huu, nimeutoa kama ulivyo:

> Sista shikamoo, habari za kazi. Nimekutumia fomu yetu ya ridhaa ya Kiswahili, naomba uipitie ukipata nafasi halafu uniambie kama iko sawa, maana tunataka kuipeleka kamati ya maadili hivi karibuni. Asante sana dada.

Ukiusoma haraka huoni kosa, una adabu, una salamu, una sababu. Siku zikapita. Jumatano tarehe 14 akajibu: "Marahaba mdogo wangu, nimeipitia iko vizuri. Ukurasa wa kwanza neno utafiti limeandikwa mara mbili." Nikafuta neno moja, Ijumaa tarehe 16 nikapeleka kamati, nikalala usingizi.

Tarehe 4 Juni barua ikarudi. Kamati wanauliza, ukurasa wa 1 mmesema jumla ya damu ni kijiko kimoja cha chakula, ukurasa wa 2 mmesema siku ya kwanza pekee ni vijiko viwili vya chakula, sasa mnatoa damu kiasi gani? Na swali lao lilikuwa halali kabisa. Kijiko cha chai ni mililita 5, cha chakula ni 15. Jumla yetu 10 na 5 ni 15, kwa hiyo ukurasa wa 1 ulikuwa sawa, lakini mililita 10 ni vijiko viwili vya *chai*, sisi tukaandika vya chakula, yaani 30. Vifupisho vya vijiko hivyo kwa Kiingereza vinafanana, vimepishana herufi moja tu, kijana akasoma kimoja akaandika kingine na mimi niliyesoma fomu ile labda mara nane sikuona kitu kwa sababu nilishajua jibu ni mililita 10, jicho likawa linasoma kilichoko kichwani badala ya kilichoko kwenye karatasi.

Kamati yetu inakaa mara moja kwa mwezi, kwa hiyo vijiko viwili vilitugharimu mwezi mzima wa kusubiri.

Nikampigia sista. Sio kumlaumu, nilitaka tu kujua alisomaje. Na hapa ndo pana kisa chenyewe, maana aliniambia mambo matatu ambayo yamebadilisha kabisa namna ninavyoomba mtu anisomee kitu.

La kwanza, aliifungua kwenye simu akiwa zamu ya usiku, kati ya mgonjwa na mgonjwa. La pili, kwa kuwa niliandika "fomu ya Kiswahili" alielewa namuomba aangalie Kiswahili, tahajia na lugha, na hiyo kazi aliifanya vizuri tu, lile neno lililojirudia alilikamata yeye sisi wote hatukuliona. La tatu ndo lililonimaliza. Akasema, "Halafu pale mmeandika kliniki ni Jumatatu, kliniki ya presha sio Jumatatu, ila nikajua mmeshakubaliana na daktari kubadilisha."

Yaani aliona. Aliona kosa ambalo hata kamati wasingeweza kuliona kwa sababu hawajui ratiba ya hospitali yetu, na akanyamaza, na alinyamaza kwa heshima wala si kwa uvivu. Mtu wa kliniki akiletewa karatasi na watu wa utafiti anaamini maamuzi yameshapita juu huko, yeye anaulizwa kama inasomeka. Sikumwambia kwamba kuhusu siku za kliniki yeye ndiye mwenye neno la mwisho, angejuaje?

Tukirudi kwenye ule ujumbe wangu sasa, ona kilichomo. "Ukipata nafasi" ni adabu ya Kiswahili, tunaisema kila siku, lakini kazi yake hasa ni kumwambia mwenzako kwamba jambo hili linaweza kusubiri, na akikuelewa hivyo hajakosea. Ukishaandika "ukipata nafasi" umefuta tarehe hata kama tarehe ipo mstari wa pili. "Hivi karibuni" ndo hivyohivyo, kwangu mimi ilikuwa na maana ya wiki ile, kwake inaweza kuwa mwezi ule. "Uipitie" haisemi ufanye nini. Na "kama iko sawa" ni swali ambalo jibu lake la adabu ni moja tu, iko sawa. Ukimuuliza mgeni chakula kikoje atasema kitamu hata kama chumvi imezidi.

Kwa hiyo niliomba jibu la adabu, nikapewa.

Dirisha la pili la kamati lilifungwa Ijumaa tarehe 20 Juni saa 10 alasiri. Safari hii sikuanza na ujumbe, nilianza na ratiba yake. Nikamuuliza Jumatano tarehe 11, sista wiki hii uko zamu gani? Akasema usiku mpaka Jumamosi asubuhi, Jumapili na Jumatatu mapumziko, Jumanne anaingia asubuhi. Sasa ukimwambia mtu wa namna hiyo "naomba Jumatatu" unamuomba akufanyie kazi siku yake ya kulala, atakubali na hatafanya, au atafanya akiwa jikoni. Nikahesabu kurudi nyuma kutoka Ijumaa: Alhamisi ni ya kuchapa na kusainisha, Jumatano ni ya kurekebisha na kumpa mtu ambaye hajaiona fomu ya Kiingereza airudishe kwa Kiingereza tuone kama maana imebaki, basi majibu ya sista nayahitaji Jumanne mchana. Akiwa yuko kazini, yuko kliniki, na vitu ninavyomuuliza viko mbele ya macho yake.

Kuhusu saa nitasema kidogo maana imeshaniumiza. Kwenye timu yetu kuna wanaohesabu saa za Kiswahili na wengine saa za kwenye simu, ukiandika "saa 10" peke yake kuna atakayesoma saa nne asubuhi. Mimi naandika na kipindi cha siku, saa 10 alasiri, na kwenye kalenda ya simu naweka 16:00 ili mtu akitazama popote aone kitu kimoja. Na siku naandika na tarehe yake, Jumanne tarehe 17, kwa sababu "Jumanne ijayo" ikisemwa Alhamisi watu wawili wanaweza kuihesabu Jumanne mbili tofauti.

Halafu faili. Mara ya kwanza nilituma la Word, na kwenye simu Word inaweza kupanga maandishi upya yaenee kioo, kurasa zinapotea, kwa hiyo hata ningesema "angalia ukurasa wa 2" asingeukuta pale ninapouona mimi. Safari hii nikatuma PDF yenye vifungu vyenye namba, jina lake `Fomu_Ridhaa_v1.3_12Juni.pdf`, toleo na tarehe vikiwa pia chini ya kila ukurasa (kamati wanavitaka hivyo hata hivyo), na vile vipande ninavyouliza nikavinakili ndani ya ujumbe wenyewe ili hata bando likiisha asome bila kufungua faili. Fomu ilikuwa tupu, haina jina la mgonjwa hata mmoja, ndo maana wasap ilitosha. Ingekuwa imejazwa nisingethubutu.

Ujumbe wa pili, Alhamisi tarehe 12 Juni:

> Sista shikamoo. Pole na zamu ya usiku. Hii ni fomu ya ridhaa ya presha, toleo 1.3. Naomba unikagulie vitu vinne tu ambavyo kwenye timu yetu hakuna anayevijua kuliko wewe, na hapo ukisema badilisha tunabadilisha. Nayahitaji majibu Jumanne tarehe 17 Juni kabla ya saa 10 alasiri, kwa sababu Jumatano na Alhamisi narekebisha na Ijumaa kamati wanafunga. Nimejipima, ni kama nusu saa. Voisi inatosha, usijisumbue kuandika.
>
> 1. Kifungu 2.3: "Siku ya kwanza tutachukua damu mililita 10, sawa na vijiko viwili vya chai." Naomba uchukue sindano ya hapo kliniki na kijiko cha chai, upime kwa maji. Niambie vimetoka vijiko vingapi.
>
> 2. Kifungu 2.1: "Utapangiwa kundi A au B kwa bahati nasibu." Mgonjwa wako wa kawaida akisomewa hivi ataelewa nini? Wewe ungemwambiaje kwa mdomo? Niambie kwa maneno yako.
>
> 3. Kifungu 3.1: "Utarudi kliniki siku ya Jumanne au Alhamisi." Je, siku ni sahihi?
>
> 4. Kifungu 6: ile namba ya simu ya kuuliza maswali. Naomba uipige. Nani kapokea?
>
> Usihangaike na tahajia, nembo, wala kifungu cha 5 na sehemu ya saini, hivyo viko kwetu. Na kama kuna kitu ulikiona ukadhani tumeshakubaliana na daktari, niambie tu, inawezekana hatujakubaliana na mtu. Kama Jumanne utabanwa nijulishe mapema nimuombe mwenzako wa kliniki, haina shida kabisa.

Ni mrefu, najua. Mwenzangu mmoja aliusoma akasema unamwandikia mtu mzima kama unamtuma dukani. Nilifikiria sana hilo kwa sababu sista ni mkubwa kwangu na kuna namna ya kumwambia mkubwa jambo bila kumpa amri. Lakini ukiangalia vizuri, kinachomshusha mtu ni kumpa kurasa 6 umwachie akisie unataka nini, halafu kosa likitokea useme si ulipitia. Ile sentensi ya "ukisema badilisha tunabadilisha" ndo ilibeba heshima kuliko shikamoo, kwa maoni yangu. Na ile ya "ukadhani tumeshakubaliana" niliiandika kwa ajili ya Jumatatu ile aliyoiona akanyamaza.

Utaona pia swali la 1 na la 4 haliwezi kujibiwa "iko sawa". Lazima afanye kitu: apime, apige. Swali la 2 linaomba maneno yake. Swali la 3 nililiharibu, nitalifikia.

Kukumbusha, nilikumbusha mara moja, Jumanne asubuhi alipoingia zamu, mstari mmoja: "Sista habari za asubuhi, yale manne nayasubiri leo kabla ya saa 10 alasiri, ukikwama popote nipigie." Sikumgusa Jumapili wala Jumatatu. Kuna watu wanaandika "ukikaa kimya nitajua umekubali", kwenye mambo ya kuchagua rangi ya fulana sawa, ila kwenye kiasi cha damu ya mtu kimya kinaweza kuwa ni simu imezima chaji.

Saa 8 mchana siku hiyo ikaja voisi ya dakika nne na picha ya karatasi aliyoichora kwa kalamu nyekundu.

Vijiko: alipima, vikatoka viwili na tone kidogo, maana vijiko vya nyumbani havilingani. Akasema lakini mgonjwa akisikia kijiko anawaza dawa ya kunywa, kuna mmoja aliwahi kumuuliza hiyo damu mtaninywesha? Akapendekeza msomaji wa fomu awe na ile chupa ndogo ya damu mkononi aionyeshe. Sentensi ikabaki kama ilivyo, tukaongeza maelekezo kwa wanaosomea wagonjwa.

Bahati nasibu: hapa ndo alipotusaidia sana. Akasema ukimwambia mtu wa kwetu bahati nasibu anawaza tiketi, atakuuliza nikishinda napata nini na nikishindwa inakuwaje, na yule wa kundi A atarudi nyumbani akijua ameshindwa. Mimi nilikuwa nimeshaandaa mbadala pembeni, "una nafasi sawa ya kuangukia kundi lolote", nikamsomea kwa simu. Akacheka. "Mdogo wangu, hawa ni watu wa presha. Ukiwaambia kuangukia, wanajua umesema wataanguka." Na kweli, kwa mtu wa presha kuanguka ndo lile neno analoliogopa, fulani alianguka bafuni, fulani alianguka shambani hakuamka. Mtafsiri mzuri kuliko wote asingelijua hilo akiwa ofisini. Maneno yake yeye yakaingia kwenye fomu karibu yote: "Kompyuta ndiyo itakayopanga uwe kundi A au kundi B. Daktari hachagui, na wewe huchagui. Makundi yote mawili yanapata dawa ya presha na yanaangaliwa sawasawa." Ile sentensi ya mwisho hatukuwa nayo kabisa, aliiongeza yeye kwa sababu alijua swali linalofuata.

Simu: aliipiga, haipatikani. Ilikuwa namba ya mwenzetu aliyeacha kazi mwezi Machi, ikabebwa kutoka fomu ya zamani. Fikiria mgonjwa kapata kizunguzungu usiku anapiga namba tuliyomwahidi.

Sasa swali la 3. Alijibu "ndiyo, Jumanne na Alhamisi". Nikaandika tiki. Jumatano wakati naandika ratiba nikapata wasiwasi wa ghafla nikampigia, nikabadilisha swali: sista, mgonjwa *mpya* anakuja siku gani, na wa kurudi anakuja siku gani? Akasema aah, wapya ni Alhamisi tu, Jumanne ni wa marudio. Jibu lake la kwanza lilikuwa kweli kabisa na halikunisaidia chochote, kwa sababu niliuliza swali la ndiyo au hapana nikapata ndiyo.

Na haikuwa kitu kidogo. Wagonjwa wetu wote wanaingia wakiwa wapya kwenye utafiti, yaani Alhamisi. Wiki 4 baadaye, siku 28, ni Alhamisi tena, siku ya wapya, foleni mpaka nje, mgonjwa wa marudio atasubiri mpaka mchana na atachoka arudi nyumbani. Inabidi aje Jumanne. Jumanne ya kabla yake ni siku ya 26, Jumanne ya baada yake ni siku ya 33. Protokoli yetu, yaani mpango rasmi wa utafiti, inaruhusu kupishana siku 3 mbele au nyuma, kwa hiyo siku ya 26 inakubalika, ya 33 haikubaliki. Hesabu hiyohiyo kwenye wiki ya 8, siku ya 54 badala ya 56, na wiki ya 12, siku ya 82 badala ya 84. Tukaandika kwenye fomu: "Siku ya kwanza ni Alhamisi. Marudio yote ni Jumanne." Tusingeuliza mara ya pili, tungeanza kupoteza wagonjwa wiki ya 4 na tungesema wagonjwa wetu hawana nidhamu.

Mimi sasa swali la aina hiyo naligeuza kabla sijatuma. Badala ya je siku ni sahihi, naandika niambie mpya anakuja lini na wa marudio lini. Badala ya je kiasi ni sahihi, naandika umepata ngapi. Kama ninaweza kulijibu swali langu mwenyewe kwa neno "ndiyo" bila kufungua faili, silitumi.

Ule mlango wa mwisho nao, ule wa "ulikiona ukadhani tumekubaliana", ulileta kitu ambacho hakikuwa kwenye orodha yangu. Sista akauliza kwenye voisi, hiyo damu ikibaki mnaipeleka wapi? Fomu haikusema popote. Kwa anayeishi huku swali hilo halihitaji maelezo, hadithi za mumiani wanaonyonya watu damu na kuiuza wazee wetu walizikuta na zipo mpaka leo, na mtu akitolewa damu na watu wanaokuja na gari asielezwe inaenda wapi, jibu atalitunga mtaani. Kwenye protokoli jibu lilikuwepo, damu inayobaki inateketezwa hospitalini hapo baada ya kupimwa, haihifadhiwi wala haisafirishwi. Tulikuwa tu hatujalitafsiri. Mstari mmoja ukaingia kifungu 2.4.

Kilichonishangaza baadaye ni kwamba hayo yote yamepatikana kwa kusoma vifungu vinne, wakati mara ya kwanza alisoma kurasa 6 akapata neno moja. Mtu yuleyule, fomu ileile. Na muda aliotumia, aliniambia mwenyewe, ulikuwa kama dakika 40, nyingi ziliishia kwenye kutafuta kijiko.

Kuna wanaosema basi mpe mkaguzi maswali 20 upate mengi zaidi. Niliwahi kujaribu kwa mfamasia wetu kwenye kazi nyingine, maswali 11, akajibu matatu ya kwanza kwa makini, manne kwa neno moja moja, yaliyobaki akaandika "sawa". Siku hizi kila mtu anapata yale ambayo yeye peke yake anaweza kuyajibu: mfamasia majina na dozi za dawa, mtu wa data kifungu cha usiri na nani ataona majina, sista kila kinachotokea kliniki.

Ijumaa tarehe 20 saa 5 asubuhi fomu ikapelekwa, toleo 1.4, pamoja na barua inayojibu swali la vijiko. Mwezi wa saba kamati wakajibu. Vijiko vimekubalika, makundi yamekubalika, wakaandika hata kwamba lugha ya kifungu 2.1 inaeleweka. Wakabaki na swali moja, kifungu cha 5: mgonjwa akipata madhara kwa sababu ya dawa ya utafiti nani analipa matibabu, maana mmeandika "atahudumiwa kwa utaratibu wa kawaida" na utaratibu wa kawaida ni mgonjwa kulipa mwenyewe.

Kifungu cha 5. Kile nilichomwambia sista asihangaike nacho, kiko kwetu. Nikatafuta kwenye timu ni nani alikuwa anakikagua. Mfamasia alipewa cha 4, mtu wa data alipewa cha 7. Cha 5 hakikuwa kwa mtu yeyote, niliandika "kiko kwetu" nikiamini kweli kiko kwetu. Sasa hivi nina karatasi ukutani yenye kila kifungu na jina la mtu na tarehe mbele yake, na mbele ya cha 5 limeandikwa jina la mhasibu, anarudi likizo Jumatatu.